Kumjibu mkaguzi wa nje kwa barua pepe: viambatisho, folda ya pamoja au jedwali la ufuatiliaji?

Jumatatu ya tarehe 3 Februari 2025, kampuni ninayoifanyia kazi ya uhasibu, ambayo huuza vifaa vya ujenzi kwa jumla jijini Dar es Salaam na ina ghala la pili Morogoro, ilipokea kutoka kwa wakaguzi wa nje orodha ya vipengele 23 walivyovihitaji kwa ajili ya ukaguzi wa hesabu za mwaka ulioishia tarehe 31 Desemba 2024. Walitaka kila kitu kiwe kimewafikia ifikapo Ijumaa ya tarehe 14 Februari, ili timu yao ianze kazi ofisini kwetu Jumatatu ya tarehe 24. Kulikuwa na njia tatu za kujibu. Ya kwanza ni kuambatisha faili zote kwenye barua pepe yenyewe. Ya pili ni kuziweka faili kwenye folda ya pamoja, kisha kuandika barua pepe yenye orodha na kiungo cha folda hiyo. Ya tatu ni kutuma jedwali la ufuatiliaji ambalo sisi na wao tungelijaza hadi ukaguzi uishe. Nimewahi kuzitumia zote tatu katika miaka tofauti, na kila moja ina mahali inapofaa na mahali inapokwama.

Kabla ya kuzipima ni vizuri kusema kipimo ni kipi, kwa sababu wengi hupima kwa urahisi wa kutuma, na kutuma ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Mwishoni mwa ukaguzi mkurugenzi mtendaji hutia saini barua kwa mkaguzi, akithibitisha kwamba menejimenti imempa kumbukumbu na taarifa zote zinazohusika. Barua hiyo inatakiwa na kiwango cha kimataifa cha ukaguzi namba 580, na tarehe yake haipaswi kupita tarehe ya ripoti ya mkaguzi. Mkurugenzi anayetia saini hakuwapo ulipotuma faili, kwa hiyo atakuuliza wewe: je, ni kweli tumetoa vyote? Njia nzuri ya kujibu mkaguzi ni ile itakayokuwezesha siku hiyo kuonyesha, bila kupekua kikasha kizima cha barua pepe, kitu gani kilitolewa, tarehe gani na kwa toleo lipi.

Kuna mambo mawili ambayo hayabadiliki, njia yoyote utakayoichagua. La kwanza ni kutumia namba za mkaguzi mwenyewe. Akiita taarifa za benki kipengele cha 6, basi zibaki kuwa cha 6 kwenye barua yako, kwenye jina la faili na kwenye folda, hata kama kwako wewe benki ndilo jambo la kwanza. Orodha hizi mara nyingi huja kwa Kiingereza, nasi tunajibu kwa Kiswahili au kwa lugha zote mbili, na namba ndiyo inayozuia mabishano kuhusu tafsiri. La pili ni kwamba kila kipengele lazima kiwe katika hali moja kati ya nne: kimetolewa, kitatolewa tarehe fulani, hakipo, au kinahitaji ufafanuzi kutoka kwake. Kipengele ambacho barua imekinyamazia ndicho kinachorudi wiki ya pili ya ukaguzi kama hoja.

Njia ya kwanza: kila kitu kama kiambatisho

Faida ya kiambatisho ni kwamba hakibadiliki. Faili uliyoituma tarehe 10 itabaki ilivyo katika kikasha cha mkaguzi na katika kikasha chako, ikiwa na saa na dakika yake, na hakuna atakayeweza kuibadilisha baadaye bila mwenzake kujua. Kwa ushahidi wa nani alimpa nani nini, hakuna njia inayoishinda. Ndiyo maana barua zenye saini, kama barua ya kukubali masharti ya ukaguzi na ile barua ya mkurugenzi niliyoitaja, huwa nazituma kwa njia hii hata ninapotumia folda kwa mengine yote.

Tatizo linaanza na uzito. Chukua kipengele cha 6 katika orodha yetu, yaani taarifa za akaunti tatu za benki kuanzia Januari 2024 hadi Januari 2025. Mwezi wa ziada unatakiwa kwa sababu mkaguzi huangalia kama hundi ambazo hazikuwa zimelipwa mwishoni mwa Desemba zililipwa kweli Januari. Akaunti mbili tulizipakua moja kwa moja kwenye mtandao wa benki, na faili zake zilikuwa nyepesi. Ya tatu tulikuwa nayo kwenye karatasi, na baada ya kuskani ikawa faili ya megabaiti 22. Gmail inaruhusu megabaiti 25 kwa barua moja, na mtu angedhani faili hiyo ingepita. Haipiti, kwa sababu kiambatisho hugeuzwa kuwa maandishi kabla ya kusafirishwa na uzito wake huongezeka kwa takriban theluthi moja. Zile 22 huwa zaidi ya 29. Ukitumia Gmail kwenye kivinjari, yenyewe itakubadilishia faili kuwa kiungo cha Google Drive, na hapo umeshaingia njia ya pili bila kukusudia na bila kupanga nani ana ruhusa ya kuifungua. Ukitumia programu nyingine ya barua, barua inaweza kurudi saa kadhaa baadaye na ujumbe wa kukataliwa ambao huenda usiuone kabla ya kwenda nyumbani.

Kwa hiyo watu hugawanya. Katika ofisi niliyofanyia kazi zamani niligawanya kumbukumbu za mwaka mmoja katika barua pepe 14 kwa siku nne, kila moja ikiwa na mada inayosema «Kumbukumbu za ukaguzi» na neno «mwendelezo». Barua mbili zilikwama upande wa pili kwa ajili ya uzito. Faili ya wadaiwa niliituma mara mbili, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa na kosa, na msaidizi wa mkaguzi akafanyia kazi ile ya kwanza kwa siku mbili nzima. Tulipokaa kuhesabu vilivyokosekana, kila upande ulikuwa na idadi yake, na hakuna aliyekuwa anadanganya.

Njia hii basi inafaa orodha fupi, vipengele vinane au kumi kwa makisio yangu, ambavyo vyote viko tayari siku moja na vinaingia katika barua moja. Shirika dogo, chama cha akiba na mikopo chenye akaunti moja, au duka lenye mhasibu mmoja halihitaji zaidi ya hapo. Ukilazimika kutuma barua ya pili, andika kwenye mada «barua ya 2 kati ya 3», na ndani yake urudie orodha nzima badala ya kuorodhesha yale mapya peke yake.

Njia ya pili: orodha katika barua, faili katika folda

Hii ndiyo tuliyoichagua Februari 2025. Nitaionyesha barua yenyewe, ila nimeifupisha mahali pa vipengele vilivyotolewa, kwa sababu vyote 15 viliandikwa kwa namna moja.

> Mada: Ukaguzi wa mwaka ulioishia 31/12/2024: kumbukumbu, awamu ya 1 (vipengele 15 kati ya 23)
>
> Ndugu Kiongozi wa Timu ya Ukaguzi,
>
> Tunarejea orodha yenu ya tarehe 3 Februari 2025. Leo, tarehe 10 Februari, tumeweka katika folda ya pamoja vipengele 15. Vipengele 5 vitawafikia kwa tarehe zilizotajwa hapa chini, kipengele 1 hakipo, na kwa vipengele 2 tunaomba ufafanuzi wenu. Namba zote ni za orodha yenu.
>
> Vilivyowekwa leo: 1 hadi 8, 10 hadi 13, 15, 16 na 20.
> 1. Urari wa tarehe 31 Desemba 2024 (Excel, faili 1).
> 2. Leja kuu, Januari hadi Desemba 2024 (Excel, faili 1).
> 6. Taarifa za benki za akaunti tatu, Januari 2024 hadi Januari 2025 (PDF, faili 3), pamoja na ulinganisho wa daftari letu na taarifa za benki wa tarehe 31 Desemba (Excel, faili 3).
>
> Vitakavyofuata:
> 9. Karatasi za kuhesabia mali, ghala la Morogoro: Jumatano, 12 Februari. Karatasi zenye saini ziko njiani. Mhusika ni mtunza ghala mkuu.
> 14. Rejesta ya mali za kudumu: Alhamisi, 13 Februari. Uchakavu wa malori mawili unarekebishwa. Mhusika ni mimi.
> 18. Ulinganisho wa mauzo ya leja na ritani 12 za VAT: Ijumaa, 14 Februari. Mhusika ni mhasibu wa kodi.
> 19. Orodha ya malipo ya mishahara: Ijumaa, 14 Februari, katika faili yenye nenosiri. Mhusika ni ofisa rasilimali watu.
> 21. Orodha ya wadaiwa kwa umri wa deni: Jumanne, 18 Februari. Salio la wateja wawili bado linahakikiwa. Tarehe hii inapita muda mliotupa kwa siku nne. Tunaomba mtujulishe kabla ya tarehe 12 ikiwa inaathiri mpango wenu.
>
> Kisichokuwepo:
> 17. Mkataba wa mkopo wa mkurugenzi kwa kampuni. Mkopo huu haukuandikiwa mkataba. Kilichopo ni muhtasari wa kikao cha bodi kilichouidhinisha (umo kipengele cha 5) na taarifa ya benki inayoonyesha fedha zikiingia (imo kipengele cha 6).
>
> Tunaomba ufafanuzi:
> 22. «Mikataba muhimu»: tunayo 31 kwa jumla. Je, mnahitaji yote, au ile inayozidi kiwango fulani cha fedha?
> 23. «Mawasiliano na mamlaka ya kodi»: ni ya mwaka 2024 peke yake, au hata ya miaka ya nyuma ambayo majibu yake yalikuja 2024?
>
> Vocha za Morogoro hutunzwa huko huko. Ili ziwepo Dar es Salaam tarehe 24, tunaomba orodha ya sampuli mtakazozihitaji itufikie ifikapo Jumatano ya tarehe 19 Februari.
>
> Wako katika kazi,
> Mhasibu Mkuu

Urari na leja zilitangulia kwa sababu mkaguzi huchagua sampuli kutoka humo, na akizikosa hawezi kutuambia anataka ankara zipi, hata kama umeshampa faili nyingine mia moja. Tulizituma kwa Excel na si kwa PDF, kwa sababu jambo la kwanza atakalofanya ni kujumlisha leja na kuona kama jumla inakubaliana na urari. Ukimpa picha ya karatasi atakuomba upya, na utakuwa umepoteza siku mbili za ratiba yako.

Kila tarehe inayofuata imeandikwa pamoja na siku ya wiki, sababu na mhusika. «Wiki ijayo» ni tarehe kwa anayeahidi. Kwa anayengoja ni siku saba zisizo na jina. Sababu inamsaidia mkaguzi kuamua kama aendelee na mengine au asimame, na kumtaja mhusika kunamwezesha kupiga simu kwa mtunza ghala bila kupitia kwangu. Kipengele cha 21 kilipita muda waliotupa, nasi tukalisema hilo wenyewe. Walijibu siku iliyofuata kwamba wadaiwa wangeguswa wiki ya pili ya kazi yao, kwa hiyo tarehe 18 iliwatosha. Kama tungenyamaza na kutumaini kumaliza tarehe 14, tungeonekana tumechelewa kwa jambo ambalo halikuwa na haraka.

Kipengele cha 17 ndicho kinachowajaribu watu. Mkopo wa mkurugenzi usio na maandishi ni jambo la kawaida katika kampuni za familia, na mkaguzi anapouomba mkataba, kuna atakayependekeza uandikwe leo na kuwekewa tarehe ya mwaka jana. Karatasi hiyo ingekuwa ya kughushi, na mkaguzi akiigundua, shaka yake haitaishia kwenye mkopo. Ataanza kutilia shaka kila karatasi uliyompa. Mstari unaosema «hakipo», ukifuatwa na ushahidi uliopo, unamwachia mkaguzi kuamua afanye nini. Kampuni inaweza pia kuandika mkataba leo kwa tarehe ya leo ikataja kuwa unathibitisha mkopo uliokwisha kutolewa, na hilo ni jambo tofauti kabisa.

Udhaifu wa njia ya pili umo ndani ya folda yenyewe. Faili iliyo kwenye folda inaweza kubadilishwa bila barua pepe kujua. Mhasibu wetu wa kodi aliona kosa katika ulinganisho wa VAT siku ya Jumapili, akalirekebisha na kuipandisha faili mpya kwa jina lile lile, kwa nia njema kabisa. Mkaguzi alikuwa ameshachapisha ile ya kwanza. Google Drive huhifadhi matoleo ya zamani ya faili kama hiyo kwa siku 30 au hadi matoleo 100, na ukaguzi huweza kuchukua muda mrefu zaidi ya hapo. Tangu siku hiyo tuna kanuni moja: faili iliyokwisha kutangazwa kwa barua haiguswi. Rekebisho huwekwa kando yake kwa jina lenye namba ya toleo, na barua fupi hutumwa kusema nini kimebadilika na kwa nini. Majina yetu ya faili huwa hivi:

```
06_Benki_Akaunti2_Jan24-Jan25_v1.pdf
18_Mauzo_na_VAT_2024_v1.xlsx
18_Mauzo_na_VAT_2024_v2.xlsx
```

Namba ya kipengele inaanza, tena kwa tarakimu mbili, ili folda ipange faili kwa mfuatano wa orodha ya mkaguzi. Ruhusa ya folda nayo iwe `Restricted`, ikitaja anwani za wanatimu mmoja mmoja wakiwa `Viewer`. Chaguo la `Anyone with the link` linarahisisha maisha hadi siku mtu atakapoisambaza barua yako kwa mwingine, na kiungo kikasafiri nayo.

Njia ya tatu: jedwali la ufuatiliaji

Hapa barua pepe inabaki fupi sana, aya mbili tu, na orodha nzima inahamia kwenye jedwali lenye mstari mmoja kwa kila kipengele: namba ya mkaguzi, maelezo, mhusika wetu, tarehe iliyoombwa, tarehe tuliyoahidi, tarehe kilipotolewa, jina la faili, na maoni ya mkaguzi. Safu mbili za tarehe zisiunganishwe. Tarehe iliyoombwa ni ya mkaguzi, nawe huibadilishi. Iliyoahidiwa ni yako. Tofauti kati yao ndiyo kitu cha kwanza ambacho mkaguzi mkuu atakiangalia akifungua jedwali.

Nguvu ya jedwali huonekana kazi inapokuwa imeshaanza, maana orodha ya mwanzo ni mlango tu. Baada ya kuchagua sampuli, mkaguzi huomba ankara hizi 40, vocha zile 25, hati za kupokelea bidhaa za wiki ya mwisho ya Desemba na ya kwanza ya Januari ili aone kama mauzo yaliwekwa katika mwaka wake. Maombi hayo huja kwa siku tofauti kutoka kwa watu tofauti wa timu moja. Barua pepe haiwezi kubeba mazungumzo ya aina hiyo. Kufikia barua ya 20 hakuna anayejua swali gani limejibiwa. Kwenye jedwali kila ombi jipya huongezwa chini na kupewa namba inayofuata.

Udhaifu wake ni kwamba linahitaji mlezi. Tulilitumia mwaka mmoja bila kumpa mtu yeyote jukumu hilo. Ndani ya wiki tatu wanne walikuwa wakilijaza, kila mmoja kwa mtindo wake: mmoja aliandika «tayari» akimaanisha faili iko kwenye kompyuta yake, mwingine akimaanisha mkaguzi ameipokea. Lilionekana nadhifu huku likisema uongo. Jedwali pia si barua. Seli inayosomeka «12/02» leo inaweza kusomeka «14/02» kesho, na huwezi kumwonyesha mkurugenzi kile kilichoahidiwa siku ile isipokuwa ulitunza nakala. Dawa yake ni kwamba mlezi, kila Ijumaa jioni, ahifadhi nakala ya jedwali kama PDF na kuituma kwa barua pepe kama kiambatisho, akitaja idadi ya vilivyo wazi.

WhatsApp naitaja kwa sababu ipo, upende usipende. Msaidizi wa mkaguzi atakuomba umpigie picha vocha moja «haraka tu», nawe utampigia. Hakuna ubaya, mradi jioni vocha hiyo iingie kwenye folda au kwenye jedwali ikiwa na namba. Picha iliyobaki kwenye simu haimo katika kumbukumbu za mtu yeyote.

Vitu visivyofuata njia yoyote kati ya hizi

Barua ya benki inayothibitisha salio la tarehe 31 Desemba isipitie kwako. Kwa kiwango namba 505 mkaguzi anapaswa kuwa na udhibiti wa maombi hayo: ombi anatuma yeye, na jibu linarudi kwake. Kazi yako ni kutia saini idhini ya kuiruhusu benki imjibu. Nimewaona wahasibu wenye bidii wakienda benki kuichukua barua hiyo, wakaiskani na kuiambatisha. Mkaguzi akalazimika kuanza upya, kwa sababu ushahidi uliopita mikononi mwa anayekaguliwa si ule alioutaka. Hali ni ile ile kwa barua za kuthibitisha salio la wateja. Katika barua yako kipengele hicho kiandikwe «idhini imetiwa saini na kutumwa tarehe fulani», na kihesabiwe kuwa kimekamilika kwa upande wako.

Orodha ya mishahara nayo ina sheria yake. Ina majina, mishahara, namba za akaunti na makato ya watu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mkaguzi ana haki ya kuiona. Mhasibu wa kodi au mtunza ghala aliyepewa ruhusa ya folda ile ile hana. Tuliiweka katika folda ndogo ya peke yake, ikiwa na nenosiri, na nenosiri tukalitaja kwa simu. Kuliandika nenosiri ndani ya barua ile ile yenye kiungo ni sawa na kufunga mlango na kuacha ufunguo juu ya kufuli.

Jinsi ya kuchagua

Ukiwa peke yako, orodha ni fupi na vyote viko tayari, tuma viambatisho katika barua moja na umalize. Vikizidi hapo, au vikiwa vinaiva kwa tarehe tofauti, tumia orodha ndani ya barua pamoja na folda, kwa sharti la kutogusa faili zilizotangazwa. Jedwali lichukue nafasi pale tu wanaojibu kwenu wanapozidi wawili, au sampuli zinapoanza kuja, na pale tu palipo na mtu mmoja ambaye jina lake limeandikwa kuwa ndiye mlezi. Wengi hukosea kwa kuanza na jedwali kwa sababu linapendeza, ilhali siku ya kwanza mkaguzi anahitaji barua inayosomeka kwenye simu akiwa safarini.

Sisi tulianza na njia ya pili tarehe 10 na tukahamia ya tatu tarehe 19, orodha ya sampuli ilipofika. Mistari 23 ya mwanzo ilinakiliwa kutoka kwenye barua kwenda kwenye jedwali ikiwa na tarehe zake za kweli, na sampuli zikaanzia namba 24. Upande wa pili wa kalenda kulikuwa na ritani ya kodi ya mapato ya kampuni, ambayo hutakiwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kuisha, yaani tarehe 30 Juni kwetu, na haiwezi kukamilika bila hesabu zilizokaguliwa. Kwa hiyo tulikubaliana na mkaguzi kwamba ombi lolote litakalokuwa wazi baada ya tarehe 30 Aprili lingepelekwa kwa mkurugenzi na kwa mkaguzi mkuu kwa jina na namba yake.

Vocha tatu za Morogoro hazikupatikana hadi mwisho. Kwenye jedwali ziliandikwa hivyo, «zimetafutwa tarehe 26 na 27 Februari, hazikupatikana», zikifuatwa na taarifa ya benki iliyoonyesha malipo yenyewe. Mkurugenzi alipoletewa barua ya kutia saini, aliuliza juu ya hizo tatu tu.